Posti ya Idi Isitangulie Mwezi

Jioni ya Alhamisi tarehe 20 Aprili 2023, Waislamu wa Saudia walitangaziwa kwamba mwezi umeandama na kesho yake ni Idi ya Fitri. Jioni hiyohiyo serikali ya Indonesia ilitangaza kwamba mwezi haujatimiza masharti, Ijumaa itafungwa na Idi itakuwa Jumamosi. Humohumo Indonesia, jumuiya kubwa ya Muhammadiyah ilikuwa imeshasema mapema kwamba Idi yake ni Ijumaa.

Sasa mfikirie msimamizi wa ukurasa wenye wafuasi wa pande zote hizo. Wiki mbili kabla alishaandika "Idi Njema", akapanga posti ijitume Ijumaa saa 1 asubuhi, akaona kazi imekwisha. Kwa baadhi ya wafuasi wake amepatia. Wengine amewapongeza kwa kumaliza mfungo asubuhi ambayo wameamka wamefunga.

Msimamizi huyu hakukosea kusoma kalenda. Tatizo ni kwamba programu ya kupanga posti inadai tarehe, na wiki mbili kabla ya Idi tarehe haipo bado. Kilichopo ni siku mbili zinazogombea, na mshindi hujulikana jioni moja kabla. Nataka nieleze kwa nini iko hivyo, kisha nionyeshe mpangilio ambao hauhitaji kubahatisha.

Kwa nini jioni moja ilitoa majibu tofauti

Mwezi wa angani hukamilisha mzunguko wake, kutoka mwandamo hadi mwandamo, kwa wastani wa siku 29.53. Kwa kuwa hakuna mwezi wa kalenda wenye nusu siku, mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30. Mwaka wa miezi 12 hivyo hutoka na siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka kwa siku kama 11 katika kalenda ya kawaida.

Swali la kila mwisho wa Ramadhani ni moja tu: je, mwezi unaonekana jioni ya siku ya 29? Ukionekana, kesho ni Mfungo Mosi, yaani Shawwal, na ni Idi. Usipoonekana, watu wanakamilisha siku 30.

Jioni ile ya 2023 ilikuwa ngumu kwa sababu mwezi ulikuwa mchanga mno. Asubuhi yake, karibu na 04:12 UTC, mwezi ulipita katikati ya dunia na jua, na kwa kuwa ulinyooka nao sawasawa, jua likapatwa. Watu wa Australia Magharibi na Timor waliushuhudia mchana ukigeuka giza. Hapo ndipo wanafalaki wanaposema mwezi mpya umezaliwa. Jua lilipozama Makka, mwezi huo haukuwa umefikisha hata saa 12 tangu kuzaliwa. Ni uzi mwembamba uliokaribia kuzama pamoja na jua.

Kila mamlaka ikaupima uzi huo kwa kipimo chake. Indonesia, Malaysia, Brunei na Singapore hutumia kipimo cha pamoja: jua linapozama, mwezi uwe juu ya upeo kwa pembe ya nyuzi zisizopungua 3, na uwe mbali na jua kwa nyuzi 6.4. Nchini Indonesia mwezi haukufikia hata nyuzi 3 popote. Muhammadiyah wakati huo walitosheka mwezi ukiwa tayari umezaliwa na uko juu ya upeo kwa kiasi chochote wakati jua linazama. Saudia hutegemea ushahidi wa watu walioona, unaopokelewa na Mahakama Kuu. Mwezi ulikuwa mmoja, vipimo vitatu.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hulisahau: si wote waliokuwa katika siku ya 29 jioni hiyo. Saudia na Pakistan walianza kufunga tarehe 23 Machi, India wakaanza tarehe 24. Kwa hiyo Alhamisi ile ilikuwa siku ya 29 kwa Mpakistani na siku ya 28 kwa Mhindi. Mpakistani alikamilisha 30, Mhindi akafunga 29, na wote wawili wakasali Idi Jumamosi tarehe 22.

Kompyuta nayo ina kalenda zaidi ya moja

Watu hudhani simu au kompyuta itawaamulia. Ukiwa na kivinjari chochote cha kisasa, fungua konsoli ya wasanidi programu na uiulize tarehe 21 Aprili 2023 ni siku gani ya Kiislamu:

```
const d = new Date('2023-04-21T12:00:00Z');
for (const k of ['islamic-umalqura', 'islamic-civil']) {
  const f = new Intl.DateTimeFormat('en-u-ca-' + k,
    { day: 'numeric', month: 'numeric', timeZone: 'UTC' });
  console.log(k, f.format(d));
}
```

Kalenda ya kwanza, Ummul-Qura, itakuambia ni mwezi wa 10, siku ya 1: Idi. Ya pili itasema ni mwezi wa 9, siku ya 30: bado mfungo. Hakuna iliyoharibika. Ummul-Qura ni kalenda ya hesabu inayotumika Saudia kwa shughuli za kiserikali, na huangalia kama mwezi umezaliwa kabla ya jua kuzama na unazama baada ya jua kule Makka. Ya pili haiangalii anga kabisa. Hupishanisha siku 30 na 29 kwa utaratibu uleule, hivyo Ramadhani yake ina siku 30 kila mwaka. Programu ya kalenda inapokuandikia "Idi" katika mraba wa siku fulani, imechagua moja ya hizi bila kukuambia, na hata Ummul-Qura si tangazo. Saudia yenyewe husubiri mwezi.

Kosa la kitoto zaidi ni kuweka posti ijirudie kila mwaka tarehe ileile. Hilo hugunduliwa haraka. La kijanja zaidi ni kupunguza siku 11 kutoka mwaka uliopita, kwa sababu hukubali mara mbili tatu kisha hukusaliti. Anza na Idi ya Saudia ya 21 Aprili 2023. Toa 11, unapata 10 Aprili 2024, na ndivyo ilivyokuwa. Toa 11 tena, 30 Machi 2025, na ndivyo ilivyokuwa. Toa tena, unapata 19 Machi 2026, lakini Ummul-Qura inasema 20. Kati ya 2025 na 2026 mwaka wa mwezi ulikuwa na siku 355, wewe ukahesabu 354.

Hata hivyo hesabu ina kazi moja inayoifanya vizuri sana, nayo ni kukataa. Huo mwaka wa 2026, kwa walioanza kufunga tarehe 18 Februari, siku ya 29 iliangukia 18 Machi. Mwezi ulizaliwa 01:23 UTC ya tarehe 19, saa kadhaa baada ya jua la Makka kuzama. Mwezi ambao haujazaliwa hauwezi kuonekana, kwa hiyo anayefuata hesabu alijua mapema kwamba siku 30 zingetimia. Kabla ya Ramadhani kwisha, tafuta saa ya kuzaliwa kwa mwezi na uilinganishe na machweo ya siku ya 29. Itakuonyesha kama una jioni nyepesi au jioni kama ile ya 2023.

Panga siku ya mwisho, kisha ivute mbele

Mbinu ninayoitumia inatokana na jambo ambalo watu hulipita: katika siku mbili zinazogombea, moja haina shaka. Siku ya 30 ya mfungo ikishafika, hakuna tena cha kusubiri. Mwezi uonekane usionekane, kesho ni Idi, kwa sababu hakuna mwezi wa siku 31. Shaka iko kwenye siku ya mapema peke yake.

Kwa hiyo posti ipangwe kwa siku ya baadaye, ijitume yenyewe. Jioni ya siku ya 29, mtu mmoja anayejulikana kwa jina awe macho na simu yake. Tangazo likitoka kwamba mwezi umeandama, anaifungua posti na kuivuta mbele, iende usiku huohuo au asubuhi. Asiposikia kitu, haigusi.

Angalia nini kinatokea mambo yakiharibika. Mtandao ukikatika au mhusika akilala, posti inatoka siku moja baadaye, wakati salamu za Idi bado zinapokewa kwa mikono miwili. Ukipanga kinyume chake, yaani siku ya mapema halafu mtu aisitishe mwezi usipoonekana, basi usingizi wa mtu mmoja unakufanya uwatangazie waliofunga kwamba ni sikukuu. Kuchelewa na kutangulia haviko sawa hapa, hasa kwa kuwa tangazo la mwezi ni kazi ya watu wenye dhamana hiyo, na ukurasa unaotangulia huonekana kana kwamba umejitwika.

Kwa mwaka 2023 ingekuwa hivi. Kwa wafuasi wanaofuata Saudia, walioanza tarehe 23 Machi, siku ya 29 ni 20 Aprili, posti imepangwa Jumamosi tarehe 22. Tangazo likatoka jioni, mhusika anaivuta hadi Ijumaa asubuhi. Kwa wafuasi wa Pakistan hesabu ni ileile, ila tangazo linasema mwezi haukuonekana. Posti haiguswi, inatoka Jumamosi. Kwa India, walioanza tarehe 24, siku ya 29 ni Ijumaa tarehe 21 na posti imepangwa Jumapili tarehe 23. Ijumaa jioni mwezi ukatangazwa, posti ikavutwa hadi Jumamosi. Utaona kwamba hutakiwi kujua Idi ya nchi yoyote mapema. Unatakiwa kujua walianza kufunga lini, na hilo wakati huo ni habari ya mwezi mzima uliopita, haina ubishi.

Kama ukurasa ni mmoja na hauwezi kutenganisha wasomaji, una njia mbili. Ya kwanza ni kufuata mamlaka moja, ile ya wafuasi wako walio wengi, na kuifuata kila mwaka bila kuhamahama. Ya pili ni kusubiri hadi kundi la mwisho liingie kwenye Idi, na kuandika maneno yasiyodai kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Mimi napendelea ya pili. "Tunawatakia Idi yenye kheri" inakaa vizuri kwa aliyeanza jana na anayeanza leo, ilhali "Leo ni Idi!" inamhesabia mtu siku.

Hilo linatufikisha kwenye picha. Maandishi ya posti hurekebishwa kwa sekunde, lakini "Ijumaa, 21 Aprili" ikishachorwa ndani ya picha, jioni ya mwandamo mchoraji hapatikani. Picha ya sikukuu inayotegemea mwezi isiwe na tarehe wala jina la siku. Mwaka wa Hijria unaweza kubaki, kwa kuwa mwandamo hauubadilishi.

Sikukuu nyingine hazihitaji kukesha

Idi ya Kuchinja ni ya mwezi pia, lakini ina nafasi. Huangukia tarehe 10 ya Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama unakuwa na siku tisa za kupanga kwa utulivu. Mwiko ni kuifunga kabla ya tangazo hilo, na kudhani kwamba kwa kuwa hija iko mahali pamoja basi wote wako pamoja. Mwaka 2023 Saudia waliadhimisha tarehe 28 Juni, wakati Pakistan, India, Indonesia na Malaysia walikuwa tarehe 29.

Pasaka ni kinyume kabisa. Nayo hufuata mwezi, lakini ni mwezi wa kwenye jedwali: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kikanisa unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Hakuna anayetazama angani. Mwaka 2019 mwezi mpevu wa kweli ulitokea tarehe 21 Machi baada tu ya ikwinoksi, wakati usiku na mchana hulingana, na mtu angetegemea Pasaka iwe Jumapili iliyofuata, lakini jedwali lilikuwa limehesabu vingine na Pasaka ikawa 21 Aprili. Ukishakubali jedwali, unaweza kupanga hata miaka 20 mbele. Kwa wanaotumia Paitoni:

```
from dateutil.easter import easter
print(easter(2027))      # 2027-03-28
print(easter(2027, 2))   # 2027-05-02
```

Mistari hiyo miwili ndiyo mtego wenyewe. Wa kwanza ni Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti, wa pili ni ya Waorthodoksi, ambao huhesabu kwa kalenda ya Juliasi. Mwaka 2025 zote mbili zilikuwa 20 Aprili, kwa hiyo aliyeunda mfumo wake mwaka huo na kuupima aliona unafanya kazi kwa kila mtu. Mwaka 2026 zilitengana kwa wiki moja. Mwaka 2027 ni wiki tano, na "Heri ya Pasaka" ya tarehe 28 Machi itamkuta Mworthodoksi akiwa kwenye Kwaresima. Usisahau pia mnyororo unaoning'inia kwenye Pasaka: Jumatano ya Majivu iko siku 46 kabla, Ijumaa Kuu siku 2 kabla, Pentekoste siku 49 baada. Panga Pasaka halafu hizo zihesabiwe kutoka kwake, usiziingize moja moja kwa mkono. Na Ijumaa Kuu si siku ya kuandika "sherehekea", hata tarehe ikiwa sahihi.

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nayo inaweza kugawanyika, kwa sababu siku yake ya mwezi mwandamo haianzi wala kuisha na siku ya kawaida. Mwaka 2024 kipindi hicho kilipita kwenye jioni mbili, wengine wakawasha taa tarehe 31 Oktoba, wengine tarehe 1 Novemba. Mbinu ya kuchagua jioni ya pili na maneno mapana inafaa na hapa.

Siku inaanza saa ngapi

Limebaki jambo ambalo sisi wa Kiswahili tuna faida nalo na hasara nalo. Programu zinaamini siku huanza saa 6 usiku. Kwa Waislamu na Wayahudi, siku huanza jua linapozama. Kalenda ya simu inapoonyesha Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, ni Jumamosi tarehe 12 Septemba 2026, sikukuu imeshaingia Ijumaa jioni, na Myahudi mshika dini hatagusa simu mpaka ipite. Salamu yake inapaswa kutoka Ijumaa mchana.

Faida yetu ni kwamba Kiswahili cha wazee kinalijua hili. "Usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Hasara ni kwamba ukimwandikia kijana wa ofisini "iende usiku wa Ijumaa", ataiweka Ijumaa usiku, na umekosa usiku wa Idi kwa saa 24 kamili.

Kuna na saa yenyewe, na hapa nakiri kosa langu. Niliwahi kupanga salamu za Idi, wakati huo bado nikipanga siku ya mapema, zitoke saa 3 usiku baada ya tangazo. Kichwani nikahesabu Kiswahili, kidoleni nikaandika 03:00. Posti ikatoka alfajiri ya siku ya 29, watu wako kwenye daku, saa 15 na zaidi kabla mtu yeyote hajainua macho kutafuta mwezi. Maoni ya kwanza yalikuwa ya mama mmoja aliyeuliza, kwa upole kabisa, kama huku kwetu mwezi unaandama usiku wa manane. Niliifuta na kuandika mstari mmoja wa kuomba radhi. Kuihariri kusingesaidia, maana saa ya kutoka ingebaki pale pale chini ya jina la ukurasa. Tangu hapo, saa yoyote ninayopanga huiandika kwanza kwenye karatasi kwa namna mbili, saa 3 usiku na 21:00, kisha hukagua pembeni ya programu iwapo majira ya akaunti ni yangu au ya wasomaji.